Waya Mmoja, Milango Minane

Katika nyumba nyingi za kupanga za Geita mjini, Katoro na Kahama, vyumba hutazamana pande mbili za korido, choo na bafu viko uani, na mita ya LUKU ni moja. Humo ndani kila mlango una saa zake. Fundi wa mgodini anarudi kutoka zamu ya usiku wakati mwalimu anatoka kwenda kazini. Kijana wa karasha analala mchana, mama lishe anaamka saa kumi alfajiri, na mfanyabiashara wa dhahabu anataka kujua bei ya siku kabla hajapeleka mzigo sokoni. Miji hii imejaa vyumba vya kupanga kwa sababu watu huifuata kazi ilipo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Geita ukawa mkoa kamili mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa huo ukiwa na watu karibu milioni 3.

Katika nyumba za namna hii waifai hufika kwa tangazo. Mwenye nyumba ameshazungumza na kampuni ya mtandao, fundi amekuja na ngazi, kisanduku kimefungwa ukutani. Siku ya pili karatasi inabandikwa karibu na mita: kuanzia tarehe 1 kutakuwa na waifai, kila chumba kitachangia shilingi 10,000, atakayechelewa atakatiwa. Sentensi tatu, sahihi, basi.

Mwezi wa kwanza watu wanafurahi. Mwezi wa pili, mpangaji wa chumba cha mwisho kwenye korido anauliza kwa nini yeye haoni hata picha ikifunguka. Mwezi wa tatu mwingine analalamika kwamba jirani ana runinga inayocheza video kutwa na wote wanalipa sawa. Kabla mwaka haujaisha nusu ya milango imeacha kuchangia, na bili iliyobaki inawaelemea wachache.

Chanzo cha mgogoro huo ni kwamba tangazo liliandikwa kwa hesabu ya LUKU. Wapangaji wa Tanzania wanaijua hesabu hiyo vizuri: pesa inachangwa, uniti zinanunuliwa, zinatumika, zinaisha, watu wanachanga tena. Mwenye friji au jiko la umeme anaulizwa aongeze, kwa kuwa uniti zake zinaonekana zikishuka kwenye mita. Intaneti ya faiba haina uniti. Bili ya mwezi ni ileile hata nyumba nzima ikisafiri kwenda kwenye msiba. Kinachopungua ni kasi, tena hupungua saa fulani tu, hasa usiku watu wote wakiwa ndani. Kwa hiyo tangazo la waifai lina mambo mawili ya kugawa, bili na kasi. Matangazo mengi hugawa bili peke yake, na ugomvi unaingilia kwenye kasi ambayo hakuna aliyeigawa.

Kwanza, ni intaneti ya aina gani?

Kabla ya kuandika neno lolote, mwenye nyumba anatakiwa kujua amenunua nini. Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni faiba, waya mwembamba wa kioo unaoingia mpaka ndani ya nyumba, kama huduma ambayo TTCL inaiita Faiba Mlangoni Kwako. Hapa mteja hulipia kasi: megabiti 20 kwa sekunde, kwa mfano, mwezi mzima. Njia ya pili ni ruta ya laini, kisanduku kinachomeza laini ya simu na kupokea mawimbi ya mnara. Hii ndiyo inayotumika zaidi mahali ambapo faiba haijafika, na mara nyingi mteja hununua bando la GB kadhaa.

Bando hilo linafanana na LUKU kweli, maana linaisha. Video ya ubora wa juu kwenye runinga hula kama megabiti 5 kila sekunde, yaani GB 2.25 kwa saa moja. Bando la GB 100 litacheza video hiyo kwa saa 44 tu. Likigawanywa kwa milango minane, kila mlango unapata saa tano na nusu kwa mwezi mzima. Nyumba yenye ruta ya laini haina budi kuandika waziwazi kwamba runinga haziungwi, la sivyo bando litakata kabla ya tarehe 10 na lawama zitamwangukia mwenye nyumba. Hesabu zinazofuata ni za nyumba yenye faiba, kwa kuwa huko ndiko bili inagawika kwa mwaka mzima bila kubadilika.

Kugawa bili

Chukua nyumba ya mfano ya milango minane mjini Geita, mmoja ukiwa wa mwenye nyumba mwenyewe. Bili ya mfano ni shilingi 80,000 kwa mwezi kwa megabiti 20. Njia nyepesi ni kugawa sawa: kila mlango 10,000. Ubaya wake unaonekana siku ileile. Bibi wa chumba namba mbili ana simu moja anayoitumia kuongea na wajukuu WhatsApp. Familia ya chumba namba saba ina runinga, kompyuta na simu mbili. Bibi akilipa sawa na familia hiyo atajitoa mwezi unaofuata, na sehemu yake itawaangukia waliobaki.

Njia ya pili ni kugawa kwa idadi ya vifaa peke yake. Nayo ina ubaya wake, kwa sababu inawafundisha watu kuficha vifaa. Simu moja huunganishwa kwa halali, kisha inawagawia wengine kwa hotspoti yake, na wenye kusema kweli wanabaki wakiwalipia waongo.

Njia inayodumu zaidi ni ya mchanganyiko. Nusu ya bili inagawanywa sawa kwa kila mlango, kwa kuwa kila mlango unanufaika na waya kuwepo. Nusu nyingine inagawanywa kwa vifaa. Tuseme vifaa vyote ni 20: milango miwili ina kifaa kimoja kimoja, miwili ina viwili viwili, miwili ina vitatu vitatu, na miwili ina vinne vinne. Nusu ya kwanza, shilingi 40,000 kwa milango 8, ni 5,000 kwa kila mlango. Nusu ya pili, shilingi 40,000 kwa vifaa 20, ni 2,000 kwa kila kifaa. Mwenye simu moja analipa 7,000. Mwenye vifaa viwili 9,000, mwenye vitatu 11,000, mwenye vinne 13,000. Ukijumlisha milango yote unapata 80,000 kamili. Tofauti kati ya mdogo na mkubwa inaonekana, lakini si kubwa kiasi cha kumshawishi mtu afiche runinga yake.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini kujitoa kunahitaji kanuni. Milango miwili yenye simu moja moja ikijitoa, wanabaki milango 6 na vifaa 18. Mwenye vifaa vinne aliyekuwa akilipa 13,000 sasa anatakiwa kulipa kama 15,560. Hakufanya kosa lolote na hakuongeza kifaa. Ndiyo maana tangazo zuri linamruhusu mtu kujitoa, ila anatoa taarifa mwezi mmoja kabla, na waliobaki wanaonyeshwa hesabu mpya mapema ili wachague kuendelea au kushuka kwenye kifurushi cha bei ndogo. Chumba kisipokuwa na mpangaji, sehemu yake ya kudumu ya shilingi 5,000 ni ya mwenye nyumba, kwa kuwa kumpata mpangaji ni kazi yake.

Kuna gharama nyingine tatu ambazo zisipotajwa huzua maneno. Ada ya kuunganishwa na ununuzi wa ruta ni vya mwenye nyumba, maana vinabaki kwenye nyumba wapangaji wakihama. Umeme wa ruta nao una bei. Kisanduku kinachotumia wati 10 saa zote hula uniti 7.2 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti ambayo mteja wa kawaida wa TANESCO hulipa, hiyo ni kama shilingi 2,560. Ni pesa ndogo, lakini ikiwa ruta imechomekwa kwenye mita wanayochangia wapangaji, basi wanailipa wao, na ni haki yao kuambiwa. Ya tatu ni ukarabati. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na ingawa kioo cha faiba hakipitishi umeme, waya wa umeme wa ruta unapitisha. Ruta ikiungua kwa radi nani ananunua nyingine? Jibu liandikwe kabla mvua hazijaanza.

Kugawa kasi

Saa tatu usiku ndipo tangazo linapopimwa. Megabiti 20 zinatosha vizuri mchana. Usiku, runinga tatu zikicheza video ya ubora wa juu zinachukua megabiti 15. Zinabaki 5 kwa milango mitano iliyosalia, yaani megabiti 1 kwa kila mlango. Simu ya video ya WhatsApp inaweza kupita hapo kwa shida. Sasa mtu mmoja aanze kupakua mchezo wa GB 4. Upakuaji hauna adabu ya kuwaachia wengine. Hujaribu kuchukua kasi yote iliyopo. Hata kama angekuwa peke yake nyumba nzima, mchezo huo ungechukua karibu dakika 27. Akiwa na wenzake saba, wote watakwama kwa zaidi ya saa nzima, na hakuna atakayejua nani amefanya.

Dawa iko ndani ya ruta yenyewe. Ruta nyingi zina ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kuandika namba kwenye kivinjari, mara nyingi hii:

```
192.168.1.1
```

Namba kamili na neno la siri la kuingilia huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Humo ndani hutafutwa sehemu iliyoandikwa `Bandwidth Control` au `QoS`. Pale kila kifaa kinaweza kuwekewa ukomo. Kwa nyumba ya mfano, ukomo wa megabiti 5 kwa kifaa unatosha video nzuri, na unazuia kifaa kimoja kisimeze zote 20. Si kila ruta inayotolewa na kampuni ina sehemu hiyo. Isipokuwepo, mwenye nyumba ana njia mbili: kununua ruta nyingine yenye uwezo huo na kuiunganisha kwenye kisanduku cha kampuni, au kutegemea kanuni ya saa.

Kanuni ya saa inahitajika hata ukomo ukiwepo. Filamu, michezo na masasisho ya simu yapakuliwe kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Picha na video za simu zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni nazo zipangiwe saa hizo, kwa kuwa kupandisha mafaili mengi hukwamisha simu za sauti za nyumba nzima, hasa kwenye ruta ya laini. Runinga ndogo iwekewe ubora wa 480p; macho hayaoni tofauti kubwa, na majirani wanapata nafasi. Katika ukanda wa migodi kanuni hii inahitaji kujadiliwa na watu wa zamu pia. Anayelala mchana huwapigia watoto wake walioko Mwanza au Tabora saa kumi jioni, na saa hiyo ina uzito kwake sawa na saa tatu usiku kwa mwenzake.

Chumba cha mwisho kwenye korido

Malalamiko ya kasi mara nyingi si ya kasi. Ni ya mahali ruta ilipowekwa. Wenye nyumba wengi huiweka sebuleni kwao, na wenye kuogopa wezi huifungia kwenye sanduku la chuma. Chuma huzuia mawimbi ya waifai. Mabati nayo huyarudisha, na kila ukuta wa tofali unaopitwa huyadhoofisha. Mpangaji wa chumba cha mwisho analipa kamili na anapata robo.

Ruta ikae katikati ya korido, juu, karibu na dari, ndani ya kisanduku cha mbao au plastiki chenye kufuli na matundu ya hewa. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya namna mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka haraka kwenye kuta, ya 2.4 hufika mbali. Vyumba vya mbali viunganishwe kwenye 2.4, vya karibu kwenye 5. Kama bado chumba cha mwisho hakipati kitu, waya wa mtandao upitishwe juu ya dari mpaka kwenye kisanduku cha pili cha kutolea mawimbi, na gharama hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa sababu ndiye aliyetangaza waifai kwa vyumba vyote.

Kabla ya kulaumiana, nyumba inaweza kujipima kwa kufungua fast.com kwenye simu ileile mara tatu. Kwanza karibu na ruta mchana, kisha kwenye chumba cha mbali mchana, kisha karibu na ruta saa tatu usiku. Kasi ikiwa nzuri karibu na mbaya mbali, tatizo ni mahali ruta ilipo. Ikiwa nzuri mchana na mbaya usiku hata karibu na ruta, huenda matumizi ya nyumba ndiyo yanayoibana, na kanuni za saa au ukomo wa vifaa vinahitajika. Kompyuta iliyounganishwa kwa waya moja kwa moja ikionyesha kasi mbaya huku waifai ya nyumba imezimwa, basi kosa liko kwa kampuni, na hapo mwenye nyumba anapiga simu huduma kwa wateja akiwa na vipimo na saa zake mkononi. Kwa simu yenye ukomo wa megabiti 5, kipimo kizuri ni 5. Ili kuona zote 20 ukomo uondolewe kwanza.

Neno la siri halikai siri

Simu za Android kuanzia toleo la 10 zinaweza kuonyesha msimbo wa QR wa waifai iliyounganishwa, na jirani wa nyumba ya pili akiuelekezea kamera anaingia bila kuambiwa neno lolote. Kwa sababu hiyo kubadilisha neno la siri kila tarehe 1 hakutoshi. Kinachosaidia ni kuhesabu. Ukurasa wa ruta una orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nyumba iliyoandikisha vifaa 20 ikikuta orodha ina 31, siri imevuja, na kila anayechangia anaibiwa kasi yake.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi katika kuhesabu. Simu za siku hizi hujificha kwa kutumia anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, na hivyo orodha inaweza kuonyesha anwani ambayo mwenye simu haitambui. Anwani sahihi ya kuandikisha ni ile inayosomeka kwenye maelezo ya waifai hiyohiyo ndani ya simu. Mwenye nyumba aandikishe hiyo, na asimtuhumu mtu mpaka wote wameangalia simu zao pamoja. Mambo mengine mawili yafanyike siku ya kwanza: neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta libadilishwe, na `WPS` izimwe, kwani ni mlango wa nyuma unaoweza kuvunjwa.

Mwenye kushika ukurasa huo anaona vifaa na saa vilipoungana, na kwenye ruta nyingine anaweza kuona pia majina ya tovuti zilizofunguliwa. Maandishi ya WhatsApp hayaoni. Wapangaji waambiwe hivyo kwa maneno wazi, na tangazo liahidi kwamba orodha itatumika kuhesabu tu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na kumfuatilia mpangaji kwenye ruta si haki inayoambatana na kodi ya chumba.

Jina lililo kwenye bili

Laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019, na mkataba wa faiba una jina la mteja. Katika nyumba ya mfano jina hilo ni la mwenye nyumba. Mtu akituma kupitia waifai hiyo ujumbe unaovunja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, uchunguzi unaweza kuanzia kwa mwenye jina, hata kama yeye alikuwa amelala. Ndiyo sababu orodha ya vifaa na milango yake ni kinga ya wote: inamtenga asiyehusika na anayehusika.

Jina hilo linaweka pia mpaka wa pesa. Kuchangia bili ya nyumba moja kwa hesabu iliyo wazi ni jambo moja. Kuchapisha vocha na kuwauzia wapita njia au nyumba za jirani ni biashara ya mawasiliano, na chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 biashara hiyo inahitaji leseni ya TCRA. Mwenye nyumba anayekusanya 80,000 na kulipa kampuni 60,000 amesogea kuelekea biashara hiyo, na amewadanganya wapangaji wake. Bili halisi ibandikwe.

Upande wa mpangaji una kinga yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yatokane na hiari. Mkataba wa chumba usiotaja intaneti haugeuzwi na karatasi iliyobandikwa ukutani. Ndiyo maana tangazo linasomwa kwanza kwenye kikao cha nyumba, na mlango usiotaka unaachwa nje bila kubughudhiwa.

Tangazo lenyewe

Nyumba ya mfano ingeweza kubandika hili:

*Ndugu wapangaji, habari zenu. Baada ya kikao chetu tumekubaliana haya kuhusu waifai ya nyumba, kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao.*

*1. Bili ni shilingi 80,000 kwa mwezi kwa megabiti 20. Nakala ya bili na ujumbe wa malipo vitabandikwa hapa na kutumwa kwenye kundi letu la WhatsApp kila mwezi.*

*2. Kila mlango unalipa 5,000, na 2,000 kwa kila kifaa kilichoandikishwa. Vifaa vikiongezeka au kupungua, hesabu mpya itatolewa tarehe 25. Chumba kitupu analipa mwenye nyumba.*

*3. Michango ikamilike ifikapo tarehe 28. Asiyelipa anapewa siku tatu, kisha vifaa vyake vinaondolewa kwenye waifai. Umeme, maji na kodi havihusiki na deni hili.*

*4. Anayetaka kujitoa atoe taarifa mwezi mmoja kabla. Hakuna anayelazimishwa kuingia.*

*5. Kila kifaa kina ukomo wa megabiti 5. Kupakua filamu, michezo na masasisho ni saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.*

*6. Neno la siri, msimbo wa QR na hotspoti visitolewe kwa mtu wa nje. Mgeni anayelala aandikishwe. Siku tatu za kwanza ni bure.*

*7. Ruta iko koridoni, na umeme wake analipa mwenye nyumba. Radi zikianza, atakayekuwa nyumbani aichomoe. Ikiungua, mwenye nyumba ananunua nyingine.*

*8. Mtandao ukikatika zaidi ya siku tatu mfululizo kwa kosa la kampuni, mwenye nyumba atadai punguzo, na kitakachopatikana kitagawanywa kwa hesabu ileile. Umeme ukikatika, bili haipungui.*

*9. Orodha ya vifaa itatumika kuhesabu tu. Atakayevunja sheria za nchi kwa kutumia mtandao huu atawajibika mwenyewe.*

*10. Kanuni hizi zitapitiwa kila baada ya miezi mitatu, wote tukiwepo.*

Chini yake zinafuata namba za vyumba, idadi ya vifaa na sahihi.

Kifungu cha tatu ni rahisi kuvunjwa na wenye nyumba, na ndicho kinachostahili kulindwa zaidi. Mtu anayedaiwa 7,000 za waifai hakatiwi umeme wala kufungiwa chumba. Katika miji ya dhahabu kipato cha wengi hakina tarehe. Mchimbaji mdogo hulipwa duara linapotoa, na linaweza kukaa wiki kadhaa bila kutoa. Siku tatu za kungoja zinamsaidia yeye na mwenye nyumba pia, na mwenye kujua hali yake anaweza kulipa miezi mitatu kwa mkupuo siku ya mgao, kama ambavyo kodi ya chumba hulipwa kwa miezi kadhaa mbele.

Mwenye nyumba anayetaka kubandika tangazo mwezi huu aanze na vipimo vitatu vya fast.com, kisha aitishe kikao akiwa na bili mkononi. Na mpangaji anayeombwa mchango wa waifai leo aombe kwanza aonyeshwe mambo matatu: bili, idadi ya vifaa, na kasi inayofika kwenye mlango wake saa tatu usiku.